Ndoo 72 za Inyonga

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Wewe nawe umekuja kuchukua kichupa?"

Swali hilo nililisikia kwenye ghala dogo la asali huko Mlele, likitoka kwa mzee wa Kikonongo aliyerina asali tangu utotoni. Aliyeulizwa alikuwa kijana mzaliwa wa huko huko, aliyerudi likizo kutoka Ulaya anakofanya kazi. Hakuelewa swali, ikabidi aelezwe. Miaka michache nyuma alifika mtoto mwingine wa nyumbani, akaonja asali, akapiga picha, akabeba kichupa kimoja na kuahidi kwamba mnunuzi amepatikana. Wazee walizuia ndoo zao zisiuzwe kwa wachuuzi wa Mpanda, wakasubiri. Mvua zikaanza, simu haikupokelewa tena, na asali ikaja kuuzwa kwa bei ya kutupa. Yule kijana hakuwa mwizi. Kichupa alikifikisha, na mnunuzi akauliza maswali matano ambayo yeye hakuweza kujibu hata moja, akaona aibu kupiga simu nyumbani.

Kazi yangu ni ubora na biashara ya mazao ya nyuki, na kwa uzoefu wangu hiyo ndiyo sura ya kawaida ya mambo kuharibika. Watu hudhani kinachovunja uaminifu kati ya Katavi na ughaibuni ni utapeli. Utapeli upo, lakini mara nyingi zaidi mtu mwema huahidi jambo asilolijua. Kwa hiyo nataka nieleze, hatua kwa hatua, jinsi Mtanzania aishiye nje anavyoweza kuunganisha chama cha wafuga nyuki wa Inyonga na mnunuzi wa Hamburg, na kila upande ukabaki na sababu ya kumwamini ambayo haitegemei uso wake wala ukoo wake.

Nimechagua asali kwa sababu ndiyo bidhaa ya Katavi inayobeba hadithi nzima. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao yake makuu yakiwa Mpanda, na sehemu kubwa ya ardhi yake bado ni misitu ya miombo na hifadhi, ikiwamo Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Miti ya miyombo inapochanua, nyuki hupata chakula kingi mbali na mashamba yenye dawa. Wakonongo wa upande wa Inyonga wamekuwa wakitundika mizinga ya magome na ya magogo kwa vizazi. Uhusiano wa asali yao na Ulaya si jambo la jana pia: shirika la ADAP lenye makao Geneva limefanya kazi kwa miaka mingi na wafuga nyuki wa Inyonga na misitu yao. Barabara ya lami kutoka Tabora nayo imebadilisha hesabu, kwani lori linalotoka Inyonga halizami tena kwenye matope ya Koga.

Ziko pia bidhaa nyingine ambazo ningeweza kuzieleza, kama mchele wa Mpimbwe au ufuta. Lakini ufuta una utaratibu wake wa stakabadhi ghalani na minada, na mtu wa kati binafsi hana nafasi kubwa humo. Asali bado huuzwa kwa makubaliano ya moja kwa moja, kwa hiyo ndipo mtu wa kati anapoweza kusaidia sana au kuharibu sana.

Kiswahili cha biashara kina neno zuri kwa mauzo ya aina hii: mali kauli. Unachukua mzigo wa mtu kwa neno lako, unauuza, unarudi kulipa. Misafara ya zamani ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea mikopo ya namna hiyo. Tipu Tipu mwenyewe alisafiri kwa bidhaa za mkopo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, akiwamo Taria Topan. Lakini mkopeshaji wa Unguja alimjua mkopaji, alijua nyumba yake, na alijua kwamba akidhulumu hatapata tena kitambaa wala shanga kwa mtu yeyote mjini. Mtu wa Inyonga hana njia kama hiyo ya kumbana mnunuzi wa Hamburg, na mnunuzi wa Hamburg hana njia ya kumbana mtu wa Inyonga. Aliye katikati anaombwa na pande zote mbili awe dhamana. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakubali kuwa dhamana kwa maneno, wakati wangepaswa kujenga utaratibu unaofanya dhamana yao isihitajike sana.

Tuanze na hofu ya mnunuzi, maana huku nyumbani haijulikani vizuri. Machi 2023, Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya uchunguzi wa asali inayoingia katika Umoja wa Ulaya. Mizigo 320 ilichukuliwa sampuli, na asilimia 46 ilitiliwa shaka kwamba imechanganywa na sharubati ya sukari. Tangu hapo mnunuzi makini wa Ujerumani huanza na dhana kwamba huenda asali anayoletewa si asali. Barua yako ya kusifu misitu ya Mlele anaisoma kama alivyosoma barua nyingine ishirini. Hakuchukii, ila ameumwa na nyoka na sasa anaogopa hata ung'ongo.

Hofu ya mfuga nyuki ni nyingine kabisa. Yeye anajua asali yake ni asali. Anachoogopa ni muda na bei. Pesa ikichelewa miezi mitatu, ada ya shule haimngojei, na mchuuzi wa Mpanda anayetoa bei ndogo anatoa leo, mkononi. Pia anaogopa kile tunachokiita cha juu, yaani mtu wa kati kununua kwa bei moja, kuuza kwa nyingine, na kumeza tofauti kimyakimya. Mzee wa Inyonga hana haja ya kuona ankara ya Ulaya ili ashuke moyo. Inatosha asikie kutoka kwa mpwa wake aliye Dar es Salaam kwamba chupa moja ya asali huko Ulaya inauzwa bei kubwa kuliko alivyodhani.

Sasa nichukue mfano. Nimeuunda kutokana na mambo niliyoyaona mara nyingi, na bei nilizoweka ni za kufanyia hesabu tu. Mhandisi wa maji, mzaliwa wa Inyonga, anafanya kazi Hamburg. Kupitia mwenzake kazini amefahamiana na mfanyabiashara mdogo wa asali, anayetaka asali ya msituni kwa maduka yake. Mfanyabiashara anasema, "Nipe kontena." Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 20 za asali. Hapa mhandisi anakutana na mtihani wake wa kwanza, nao unahusu kusema hapana.

Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa kuwa lita moja ya asali ni karibu kilo 1.4. Kontena moja basi ni zaidi ya ndoo 700. Chama kimoja cha kijiji huweza kuwa na wanachama wengi na mizinga mingi, lakini asali iliyoiva, safi, ya msimu mmoja, na isiyokwisha kuahidiwa kwa mtu mwingine, ni kiasi kidogo zaidi. Anayesema ndiyo kwa kontena atalazimika kulijaza, na katika kulijaza ndipo ndoo zisizojulikana zinapookotwa mitaani. Mhandisi wangu anarudi kwa mnunuzi na kusema kwamba mwaka huu anaweza kusimamia tani mbili. Yaani ndoo 72. Mnunuzi anaguna, lakini amesikia kitu ambacho hasikii kila siku: muuzaji anayepunguza.

Ndoo hizo 72 hazitoki kwa shangazi zake. Hili nalisisitiza kwa sababu limeumiza watu wengi. Ukinunua kwa ndugu zako, siku ndoo tatu zikikataliwa, mgogoro wa asali unakuwa mgogoro wa ukoo, na utajikuta unalipia ndoo mbovu ili msiba ujao usikae peke yako. Afadhali kushughulika na chama kilichosajiliwa, chenye mwenyekiti, mtunza hazina, akaunti ya benki na daftari. Ndugu zako wakiwa wanachama, watapata haki yao kupitia daftari kama wengine.

Baada ya hapo kazi inahamia ghalani, na hapa nakaa zaidi kwa sababu hapa ndipo uaminifu unapotengenezwa kwa mikono.

Asali iliyoiva ni ile ambayo nyuki wamekwisha kuifunika kwa nta. Masega yaliyo wazi yana asali mbichi yenye maji mengi. Kiwango cha kimataifa na sheria ya Ulaya vinataka unyevu usizidi asilimia 20. Ukizidi hapo, chachu zilizomo huamka na asali huanza kuchacha. Mrinaji mzoefu huona kwa macho ni sega lipi limefunikwa, lakini anayerina usiku, kwa haraka, huku nyuki wakimshambulia, huchanganya. Zaidi ya hayo asali hunyonya maji kutoka hewani. Ndoo ikiachwa wazi wakati wa masika, asali iliyokuwa njema huharibika pale pale ghalani.

Kifaa cha kupimia kinaitwa refraktometa. Ni bomba dogo la kushikwa kwa mkono, lenye kioo upande mmoja na tundu la kuchungulia upande wa pili. Unapaka tone la asali kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mahali kivuli kilipokatia kwenye vipimo. Haitumii umeme wala mtandao. Nusu saa inatosha kumfundisha mtu yeyote anayejua kusoma namba, mradi akumbuke kukifuta vizuri kabla ya tone jingine na kukihakiki mara kwa mara kwa kimiminika chake maalumu.

Fikiria ghala lile asubuhi ya kiangazi. Katibu wa chama ameketi na daftari, mzee ameleta ndoo zake nne. Ndoo ya kwanza inasoma 18.4. Ya pili 18.9. Ya tatu 18.6. Ya nne inasoma 22.5. Katibu hasemi kitu, anampa mzee kifaa achungulie mwenyewe. Mzee anachungulia, anarudia, kisha anafungua kifuniko na kunusa. Kuna povu jepesi juu na harufu anayoijua vizuri.

"Hii ni ya wanzuki," anasema, na kuitenga mwenyewe.

Angalia kilichotokea. Hakuna aliyemwambia mzee kwamba asali yake ni mbaya. Kipimo kimesomwa na macho yake, na hukumu imetoka mdomoni mwake. Ingekuwa ndoo hiyo imekataliwa Hamburg miezi minne baadaye, habari ingefika kama tuhuma, na hakuna mtu Inyonga ambaye angeiamini. Kwa hiyo kifaa kile ni mkalimani kati ya watu wasiofahamiana zaidi kuliko kuwa chombo cha maabara.

Kishawishi kikubwa wakati huo ni kuchanganya. Ukimwaga ndoo moja ya 22.5 kwenye ndoo tisa za 18.5, wastani unakuwa 18.9, na karatasi itapendeza. Lakini ndoo iliyokwisha kuchacha inapeleka ladha yake na chachu zake kwa nyingine zote, na mnunuzi mwenye ulimi atajua. Asali ya ndoo ile haijapotea. Inauzwa Mpanda kwa watengeneza wanzuki kwa bei yake halali.

Kila ndoo iliyokubaliwa inapewa namba, na daftarini inaandikwa namba hiyo, jina la mfugaji, kambi ya msituni ilikotoka, tarehe ya kurina na unyevu wake. Kambi ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Katavi hulimwa tumbaku pia, na mashamba ya tumbaku hupuliziwa dawa. Anayetaka kuuza asali kama ya kilimo hai Ulaya anatakiwa mizinga yake izungukwe, kwa umbali wa kilomita tatu, hasa na mimea ya asili au isiyotiwa dawa kali. Hata asiyetafuta cheti hicho, mnunuzi wake atapima mabaki ya viuatilifu. Ikionekana dalili, daftari lenye majina ya kambi litaonyesha ni ndoo sita tu za upande fulani, nazo zitatolewa. Bila daftari, mzigo wote unakataliwa.

Kisha zinakuja sampuli, na hapa ndipo palipo kiini cha ushauri wangu. Yule kijana wa kichupa kimoja alikosea hesabu: vichupa vinatakiwa viwe vitatu. Mrija safi unazamishwa hadi chini ya kila ndoo, asali kidogo inachotwa, yote inachanganywa vizuri kwenye chombo kimoja, na kutoka humo zinajazwa chupa tatu za nusu kilo. Kila chupa inafungwa kwa utepe unaokatika ukifunguliwa, na juu ya utepe wanatia saini mwenyekiti wa chama na mhandisi. Moja inakwenda kwa mnunuzi. Ya pili inabaki kwa chama. Ya tatu inawekwa kwa mtu asiye na maslahi ambaye pande zote zimemkubali, mathalani afisa nyuki wa halmashauri kama ameridhia kuitunza, mahali penye ubaridi na giza.

Faida yake inaonekana siku ya ugomvi. Mnunuzi akipokea mzigo na kusema hii siyo asali niliyoionja, zamani lingebaki neno lake dhidi ya neno la chama, na mtu wa kati angetakiwa aamue nani mwongo. Sasa ipo chupa ya tatu. Mkataba umekwisha kutaja maabara itakayoipima na kwamba aliyeshindwa ndiye atakayelipia. Nimeona migogoro ikiyeyuka pale tu inapotajwa kwamba chupa ya tatu ipo, kabla haijafunguliwa.

Ubaridi na giza nimevitaja kwa sababu. Asali ikikaa kwenye joto, ndani yake huongezeka kitu kinachofupishwa HMF, nacho ndicho wanunuzi wanachokitumia kujua kama asali imepashwa moto au imezeeka. Kiwango cha kawaida cha Ulaya ni miligramu 40 kwa kilo, lakini kwa asali iliyotajwa kuwa imetoka nchi za joto kinaruhusiwa hadi 80. Mnunuzi mdogo huenda hakumbuki tofauti hiyo. Mhandisi anapaswa kuikumbuka na kuhakikisha karatasi zinataja asili ya asali, la sivyo mzigo mzuri unaweza kuhukumiwa kwa kipimo kisicho chake. Na watu wa upande wa nyumbani awaambie wasiache ndoo juani kwenye uwanja wa stesheni au juu ya lori lisilo na turubai. Mtu anayejua jambo moja la kila upande ambalo upande mwingine haulijui, huyo ndiye mwenye thamani katikati.

Kuna kikwazo cha kisheria ambacho huwashangaza wengi. Ulaya hupokea asali kutoka nchi zilizoorodheshwa tu, zile zenye mpango uliokubaliwa wa kupima mabaki ya dawa kila mwaka. Tanzania imo. Lakini tangu mwishoni mwa 2024 hata kiwanda kinachochuja na kufungasha kinatakiwa kiwe kimeorodheshwa. Ghala la kijiji, hata liwe safi namna gani, haliwezi kupeleka moja kwa moja. Kwa hiyo ndoo 72 lazima zipitie kwa msindikaji mwenye sifa hizo, na huyo ni mtu wa tatu anayepaswa kuingia kwenye makubaliano tangu mwanzo, pamoja na malipo yake. Kibali cha kusafirisha mazao ya nyuki nje kinatolewa chini ya Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, na mzigo huambatana na cheti cha afya cha serikali. Mhandisi asijaribu kufanya haya kwa simu kutoka Hamburg. Yanahitaji wakala wa forodha wa Dar es Salaam na mtu wa chama aliyepewa mamlaka kwa maandishi.

Sasa tuje kwenye pesa. Tuseme mnunuzi amekubali shilingi 10,000 kwa kilo, mzigo ukiwa bandarini Dar es Salaam. Mhandisi anakaa na kamati ya chama na karatasi moja mezani. Kusindika na vifungashio, 900. Lori, 300. Vipimo vya maabara, 400. Vibali na wakala, 400. Kamisheni yake mwenyewe, 500. Jumla 2,500, kwa hiyo mfuga nyuki anapata 7,500. Karatasi hiyo hiyo, pamoja na mstari wa kamisheni, anaipeleka kwa mnunuzi.

Watu wengi wa ughaibuni huniambia wanaona haya kuandika ule mstari wa 500. Wanahisi kudai malipo kwa watu wa nyumbani ni uroho, kwa hiyo wanasema wanasaidia bure, na baada ya mwaka mmoja wa simu za usiku na nauli za mfukoni, wanachoka na kutoweka, au wanaanza kuweka cha juu ili kufidia. Kwa kilo 2,016 kamisheni hiyo ni shilingi 1,008,000. Si utajiri. Kwa mzee wa Inyonga, mtu anayetaja malipo yake hadharani anaeleweka kuliko yule anayejitolea bila sababu. "Kama hali kwetu, anakula wapi?" ndivyo alivyoniuliza mwenyekiti mmoja, na nilikosa jibu.

Jambo la pili kwenye pesa halina mjadala: isipite kwenye akaunti ya mhandisi. Mnunuzi anapeleka benki moja kwa moja kwa chama, kwa ankara ya chama. Mfano wangu unatumia mpango unaofahamika: asilimia 30 mkataba ukitiwa saini, ili chama kiweze kulipa wanachama kitu cha kuwazuia wasiuze kwa mchuuzi, na 70 zilizobaki mnunuzi akionyeshwa nakala za hati za mzigo kupakiwa melini. Kamisheni nayo inalipwa na chama mwishoni. Kuna siku mhandisi ataombwa na pande zote mbili, kwa nia njema kabisa, apokee yeye fedha kwa sababu benki ya kijijini ni mbali au uhamisho unachelewa. Akubali mara moja tu, na siku fedha zikikwama kwa sababu yoyote ile, yeye ndiye atakayekuwa amezila.

Kuna mpaka ambao karatasi hazivuki. Msimu unaweza kuwa mbaya. Moto unaweza kupita msituni na kuunguza mizinga, au maua yakakosekana kwa sababu mvua imekatika mapema. Mwezi Julai katibu anajua kwamba ndoo 72 hazitafika, ni 50. Desturi yetu ni kunyamaza kwanza, kutafuta, kutumaini, na kumwambia mgeni siku ya mwisho ili asivunjike moyo mapema. Kwetu hiyo ni adabu. Kwa Mjerumani ambaye ameshalipia nafasi melini na kuchapisha lebo, ni uongo. Hapa mhandisi anafanya kazi ambayo hakuna kipimo cha kuifanya badala yake: kumshawishi katibu apige simu siku ile ile, na kumweleza mnunuzi kwamba ukimya wa wiki mbili zilizopita haukuwa hila. Inafaa pia amwambie mnunuzi upande wa pili wa adabu hiyo. Barua pepe ya mstari mmoja inayouliza "mzigo uko wapi?" bila salamu, ikisomwa kwa sauti mbele ya kamati Inyonga, inasikika kama matusi.

Mzigo wa kwanza wa namna hii faida yake ni ndogo, wakati mwingine ni hasara, kwa sababu gharama za maabara na vibali ni zile zile kwa tani mbili au tano. Ni vyema kamati iambiwe hivyo kabla ya kuanza. Kinachobaki baada ya mzigo wa kwanza ni daftari lenye ndoo 72 zilizopokelewa bila malalamiko, jina la msindikaji aliyetimiza neno, na mnunuzi ambaye mwaka unaofuata atapiga simu yeye mwenyewe moja kwa moja kwa mwenyekiti. Baadhi ya wenzetu wa ughaibuni huogopa siku hiyo, wakawa wanaficha namba za simu ili wasirukwe. Mimi naiona kuwa ndiyo alama kwamba kazi ilifanyika. Kama kamisheni iliandikwa kwenye mkataba kwa misimu mitatu, haki ya mhandisi ipo hata kama simu haikupitia kwake.

Wewe unayesoma haya ukiwa Hamburg, Muscat au Toronto, na una mtu anayeulizia asali ya kwetu, usimpigie mwenyekiti leo. Kwanza muulize huyo mtu anataka kilo ngapi, unyevu gani, na atalipa siku ya ngapi, uandike majibu yake. Halafu nunua refraktometa moja ya asali na chupa ya kimiminika cha kuihakiki, uvitie kwenye begi la likizo, na ukiondoka Inyonga uviache kwa katibu wa chama.